Onyo Likitafsiriwa Lisipunguzwe Makali

Jioni hii ninazungumzia kopo moja la plastiki, kopo la dawa ya kuzibua sinki. Ndani yake mna chenga nyeupe, na katika dawa nyingi za aina hii chenga hizo ni sodiamu haidroksaidi, ile tunayoiita kostiki soda. Nje ya kopo pana lebo yenye maneno ya Kiingereza, na mara nyingine chini yake pamebandikwa karatasi ndogo ya Kiswahili. Hiyo karatasi ndogo ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti. Mtu asiyesoma Kiingereza hana kinga nyingine ila maneno yaliyoandikwa pale, na maneno hayo mara nyingi ni mepesi kuliko yale ya asili.

Tuanze na dawa yenyewe, maana huwezi kutafsiri onyo usilolielewa. Chenga za kostiki zikikutana na maji hutoa joto kali. Ndiyo maana ukimimina maji juu ya lundo la chenga hizo huchemka ghafla na kuruka usoni, na ndiyo maana mafundi wa sabuni hutia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe hawamimini maji juu ya kostiki. Joto hilo, pamoja na ukali wa dawa, huyageuza mafuta yaliyoziba bomba kuwa sabuni, na sabuni huenda na maji. Sasa, mwilini mwetu mna mafuta na mna protini, na kostiki huvishambulia vyote viwili kwa namna ileile. Asidi ikimwagikia ngozi, mara nyingi hugandisha nyama ya juu, na tabaka lile lililoganda huizuia kidogo isizame zaidi. Kostiki haigandishi. Hulainisha nyama na kuendelea kuzama. Na pengine maumivu huchelewa, mtu akahisi utelezi tu vidoleni, akadhani ni sabuni, kumbe ni ngozi yake inayoyeyuka.

Hiyo ndiyo hatari ambayo lebo inapaswa kuisema. Basi inasemwaje?

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapisha kwa mara ya kwanza mfumo mmoja wa dunia wa kupanga kemikali kwa hatari zake na kuziwekea lebo. Katika mfumo huo kila sentensi ya hatari ina namba inayoanza na herufi H, na kila sentensi ya kinga ina namba inayoanza na herufi P. Kostiki soda ina H314 na H290. Namba hazibadiliki ukivuka mpaka. Sentensi zenyewe zimeandikwa rasmi katika lugha sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2008, ulikwenda mbele zaidi, ukaziandika sentensi hizo katika lugha zote rasmi za nchi wanachama. Kwa hiyo mfasiri wa Kifini au wa Kireno hatungi kitu. Anatafuta namba, ananakili sentensi, kazi imekwisha. Mfasiri wa Kiswahili, aliyeajiriwa na mwagizaji wa bidhaa au kiwanda kidogo cha kufungasha, hukaa peke yake na kamusi, akachagua maneno kadiri anavyoona inafaa. Hapo ndipo makali yanapopungua, na hupungua bila mtu yeyote kukusudia.

Tazama neno la kwanza kabisa, lile linaloandikwa kwa herufi kubwa. Mfumo una maneno mawili tu ya namna hiyo: moja kwa hatari kubwa, jingine kwa hatari iliyo chini yake. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita HATARI na ONYO. Bidhaa hupewa moja tu, na likiwekwa la juu, la chini haliandikwi. Kostiki ni HATARI. Lakini utakuta karatasi ya Kiswahili imeandikwa "Tahadhari", au "Angalizo", au yote mawili yakitenganishwa na mkwaju, "Hatari/Onyo", kana kwamba msomaji achague mwenyewe. Akiona kichwa kilekile juu ya sabuni ya vyombo na juu ya kostiki, atazishika kwa mikono ileile mitupu.

Sasa tuingie katika sentensi ya H314. Inasema kwamba kitu hiki husababisha kuungua vibaya kwa ngozi na madhara makubwa ya macho. Tafsiri unayoweza kuikuta ni hii: "Inaweza kusababisha muwasho wa ngozi na macho." Makosa ni mawili, na kila moja lina uzito wake.

La kwanza ni hilo "inaweza". Katika sentensi ya asili halimo. Sentensi inasema husababisha, basi. Katika mfumo huu "inaweza" si neno la adabu la kupamba sentensi, ni daraja. Liko pale tu ambapo watunga mfumo wameliweka. Kwa mfano, sentensi ya pili ya kopo letu, H290, inasema kwamba dawa inaweza kula metali, na hapo "inaweza" ni haki yake, kwa sababu inategemea ni metali gani. Chuma cha pua hustahimili vizuri kostiki ya kawaida. Aluminiamu haistahimili. Na sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu! Ukichanganyia kostiki ndani ya sufuria hiyo, itaanza kutoa mapovu, itapata moto, na mapovu yale ni gesi ya haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kwa hiyo "inaweza" ya H290 iachwe mahali pake, na isihamishiwe H314 kuifariji.

Kosa la pili ni "muwasho". Muwasho upo katika mfumo, lakini una namba nyingine, H315 kwa ngozi na H319 kwa macho. Ni kitu kinachokuja na kuondoka. Kuungua ni kuharibika kwa ngozi kusikorudi nyuma, na kuna kipimo nyuma yake. Daraja kali kuliko yote la H314 ni la vitu vinavyoharibu ngozi baada ya kuigusa kwa dakika 3 au chini ya hapo. Kostiki soda, ikiwa asilimia 5 au zaidi ya mchanganyiko, imo katika daraja hilo. Dakika tatu, ndugu msikilizaji, ni muda wa kumalizia kusugua sinki kabla ya kwenda kunawa.

Kwa macho kipimo ni siku 21. Madhara yakipona kabisa ndani ya siku hizo, mfumo unayahesabu kuwa ni muwasho. Yasipopona, ni madhara makubwa ya macho. Mfasiri anayeandika "muwasho mkali wa macho" kwenye kopo la kostiki anamwambia mama kwamba jicho la mwanawe litapona, wakati watu waliolipima jambo hilo walikuwa wanasema kinyume chake. Kivumishi "mkali" hakimwokoi, kwa sababu muwasho ukiwa mkali kiasi gani bado ni muwasho.

Tuje kwenye sentensi za P, zile za kukuambia ufanye nini. Kiswahili ni lugha ya heshima, nasi tumelelewa kutomwamrisha mtu mzima. Kwa hiyo mfasiri huandika "Tafadhali vaa glavu", au "Ni vyema kuvaa glavu", au "Inashauriwa kutovuta vumbi". Heshima hiyo ni njema barazani, lakini juu ya kopo la kostiki inageuza amri kuwa ushauri, na ushauri mtu anaruhusiwa kuukataa. Hata hapa mfumo una madaraja. P260 inasema usivute vumbi hili. P261 inasema epuka kuvuta vumbi hili. Ni sentensi mbili tofauti zenye namba mbili tofauti, na kwa bidhaa ya H314 inayotakiwa ni ile ya kwanza. Usivute. Mfasiri anayeona "epuka" linasikika vizuri zaidi ameishusha bidhaa daraja bila kujua.

Na amri ya kuvaa kinga isikatwe katikati. Sentensi ya P280 inataja glavu za kinga, nguo za kinga, kinga ya macho na kinga ya uso. Karatasi ndogo, kwa kukosa nafasi, huandika "Vaa glavu" na kuishia hapo. Msomaji atavaa glavu za pamba, zinazonyonya kostiki na kuishikilia ngozini, na macho atayaacha wazi. Andika glavu nzito za mpira zisizopitisha kemikali, na miwani ya kinga inayofunika jicho pande zote. Miwani ya jua haitoshi, kwani tone hupita pembeni.

Sentensi zinazotumika wakati ajali imekwisha kutokea ndizo zenye dhamana kubwa kuliko zote, kwa sababu msomaji wake ana hofu, mikono inatetemeka, na hatarudia kusoma mara mbili.

Ikiingia machoni, lebo inasema: suuza kwa maji kwa uangalifu kwa dakika kadhaa, toa lenzi za macho kama zipo na zinatoka kwa urahisi, endelea kusuuza. Mara nyingi utakuta "Osha macho kwa maji", imekwisha. Muda umepotea, na pia ile amri ya kuendelea. Mtu atajirushia maji viganja viwili, atafumba jicho, atakwenda kulala. Wengine huandika "dakika chache", na neno "chache" humwambia msomaji awahi kuacha. Mimi ningeandika muda kwa tarakimu: maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kope zikishikwa wazi kwa vidole, kichwa kimeinamishwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika jicho zima. Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

Ikimezwa, lebo inasema: sukutua kinywa, usimtapishe. Nimetamka "usimtapishe" kwa makusudi, kwa sababu kuna karatasi zinazoandika "Usitapike". Neno hilo linamwelekea mgonjwa, wakati anayesoma ni yule anayemsaidia, na yeye ndiye anayefikiria kumtia kidole kooni au kumnywesha maji ya chumvi. Kostiki imekwisha kuunguza koo ikishuka. Ikipandishwa tena italiunguza koo lilelile mara ya pili, na inaweza kuingia kwenye mapafu. Vilevile "sukutua" halimaanishi "kunywa maji mengi". Sukutua ni kusafisha kinywa na kutema. Tusimlazimishe mgonjwa kunywa maziwa wala mafuta kwa desturi tu ya nyumbani. Anayepaswa kusema anywe nini ni mhudumu wa afya. Na tusimwagie siki wala ndimu kwa hesabu kwamba asidi itaiua kostiki. Itaiua, lakini kwa kutoa joto jingine juu ya kidonda.

Kisha lebo inaamuru kupiga simu mara moja kwa kituo cha sumu au kwa daktari. Hapa mfasiri akitafsiri neno kwa neno na kuacha hivyo, anaweza kumpeleka msomaji mahali ambapo hapajui na hana namba yake. Kwa hiyo kinachofaa ni kuandika: mpeleke hospitali mara moja na uende na kopo hili. Kopo litamwambia mganga kilichomezwa kabla mgonjwa hajaweza kusema. Neno "mara moja" lisidondoke kwa sababu yoyote ile.

Sasa picha. Kwa kuwa hamzioni redioni, nitazieleza. Mfumo una alama tisa, kila moja ndani ya msambamba mweupe uliosimama kwa ncha, wenye fremu nyekundu. Ya kostiki inaonyesha mirija miwili inayodondosha matone. Mmoja unadondoshea kipande cha metali, na metali imeliwa. Mwingine unadondoshea mkono, na mkono umeliwa. Hiyo ndiyo maana kwa anayejua. Asiyejua anaona mkono na kitu kinachomiminiwa mkono, na anaweza kabisa kudhani kwamba anaelekezwa jinsi ya kuitumia. Kwa hiyo picha isiachwe bila maneno chini yake, na maneno hayo yaseme matokeo: INAUNGUZA NGOZI, INAHARIBU MACHO, INAKULA METALI. Usiandike "Kemikali kali", kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kujikinga na neno "kali", ambalo pia tunalitumia kwa pilipili na kwa chai.

Jambo jingine la picha ni fuvu na mifupa miwili. Wengi wetu tumezoea kwamba fuvu ndilo linalomaanisha sumu, kwa hiyo kopo lisilo na fuvu tunalihesabu salama. Kostiki soda kwa kawaida haina fuvu. Fuvu limewekewa sumu kali inayoua kwa kumezwa, kwa kugusa ngozi au kwa kuvutwa; kuunguza kuna alama yake, nayo ni ile ya mirija. Karatasi ya Kiswahili inapaswa kumwambia msomaji hivyo. Na hiyo karatasi isibandikwe juu ya alama yenyewe, jambo ambalo hutokea pale nafasi inapokuwa ndogo.

Hebu sasa niisome lebo yote kama ninavyoona ingefaa kuandikwa.

HATARI. Husababisha kuungua vibaya kwa ngozi na madhara makubwa ya macho. Inaweza kula metali. Usitumie chombo cha aluminiamu. Weka mbali na watoto, mahali panapofungwa kwa kufuli. Usivute vumbi lake. Vaa glavu za mpira nzito, nguo za kinga, miwani ya kinga na kinga ya uso. Ikimezwa: sukutua kinywa, usimtapishe. Ikigusa ngozi au nywele: vua mara moja nguo zote zilizoingiwa, suuza ngozi kwa maji yanayotiririka. Ikiingia machoni: suuza kwa maji kwa uangalifu kwa dakika 15 hadi 20, toa lenzi kama zipo na zinatoka kwa urahisi, endelea kusuuza. Kwa yote haya: nenda hospitali mara moja na kopo hili.

Haizidi maneno mia moja, na inaenea nyuma ya kopo la nusu kilo. Wala sikuongeza chumvi. Sikuandika "Inaua papo hapo", kwa sababu lebo ikitisha kwa uongo watu huizoea, na siku ya kweli hawaiamini tena.

Mwenye kiwanda ataniuliza, nitajuaje kwamba tafsiri niliyoilipia iko sawa? Njia ni mbili. Kwanza, mpe mtu wa pili, ambaye hajaiona lebo ya asili, airudishe katika Kiingereza, kisha ulinganishe sentensi kwa sentensi, namba kwa namba. Palipokuwa na kuungua pakirudi na muwasho, umelipata kosa. Pili, mpe mtu atakayeitumia dawa yenyewe, mfanya usafi wa hoteli au msichana wa kazi, kisha umuulize: ikikuingia jichoni utafanya nini, kwa muda gani, halafu utakwenda wapi? Akijibu "nitanawa", lebo imeshindwa, na wa kulaumiwa ni lebo.

Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na tunayo mabaraza ya lugha yenye uwezo wa kukaa na wakemia. Ombi langu kwao ni moja: watupe orodha ya sentensi za H na P kwa Kiswahili kimoja, ya kunakiliwa na kila mwagizaji na kila kiwanda, ili H314 ya Mwanza iwe ndiyo ya Zanzibar na ya Mombasa.

Nanyi wenye maduka na vibanda, msipime kostiki mkaitia kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hata tafsiri bora kuliko zote hubaki kwenye kopo la kwanza, na mtoto mwenye kiu hushika chupa anayoijua. Iuzeni katika kopo lake, na lebo yake.

Nawe msikilizaji, usiku huu kabla ya kulala, lifuate kopo lililo chini ya sinki lako. Tafuta msambamba wenye fremu nyekundu, tafuta neno la herufi kubwa, kisha soma watoto wako wakisikia. Likiwa halina lebo, usilitumie.